Umeme na Kuchaji Simu: Kadi ya Chumba Namba 6

Karibu sana, mgeni wetu. Tafadhali soma kadi hii kabla hujachomeka chaja. Kama umefika umechoka, soma mistari hii minne kwanza. Mengine utayapitia ukishaoga na kupumzika.

Umeme wa hapa ni volti 230, hezi 50.

Simu haichajiwi kitandani wala chini ya mto.

Plagi isipoingia, usichokonoe soketi kwa kitu chochote. Adapta zipo mapokezi, unaazimwa bure.

Ukisikia harufu ya kuungua, zima swichi ya ukutani na upige 9 kwenye simu ya chumba. Mapokezi pana mtu usiku kucha.

Soketi za chumba hiki

Soketi za ukutani ni za matundu matatu bapa, na kila moja ina swichi yake. Bonyeza swichi upande wa chini. Ukiona alama nyekundu upande wa juu, umeme umeingia. Usipoiona, umeme haujafika hata kama plagi imekaa vizuri. Hilo huwasumbua wageni wengi usiku: wanadhani chaja imekufa, kumbe swichi haijawashwa.

Pa kuchajia ni mezani, penye soketi pacha chini ya dirisha. Juu ya meza utakuta kigae cheupe. Tumekiweka kwa makusudi: laza simu na chaja juu yake, kwa sababu kigae hakishiki moto na hakizuii joto kutoka kama kitambaa kinavyozuia.

Kwenye kabati dogo kando ya kitanda kuna soketi ya taa yenye matundu mawili ya USB. Yanatoa volti 5, na yote mawili yanagawana ampea 2.1, kwa hiyo ukichomeka simu mbili kwa pamoja zitajaa polepole. Hazijaharibika. Simu ibaki juu ya kabati, usiivute hadi kitandani, na hakikisha chandarua hakijaangukia chaja.

Soketi iliyo nyuma ya friji tunaomba usiiguse. Ina kifaa cha kulinda friji, na umeme ukirudi baada ya kukatika, husubiri dakika chache kabla ya kuiwasha. Friji ikikaa kimya muda huo, iache tu.

Bafuni, juu ya kioo, kuna soketi ndogo ya matundu mawili yenye picha ya mashine ya kunyolea. Ni ya mashine za kunyolea peke yake. Nguvu yake ni ndogo sana, haikutengenezwa kwa ajili ya simu, na bafuni si mahali pa kuchajia kitu. Usiingie na simu iliyochomekwa kwenye umeme bafuni, hata kama waya unafika. Watu wamekufa duniani kwa simu iliyokuwa ikichajiwa kutumbukia kwenye maji ya kuogea.

Plagi yako haiingii?

Plagi yenye pini tatu bapa inaingia moja kwa moja. Kama yako ina pini mbili za mviringo, au mbili bapa nyembamba, chukua adapta mapokezi. Kama unayo yako, angalia kwanza kama imekaza na haijapasuka.

Hapa tunaomba utusikilize vizuri. Ndani ya soketi, yale matundu mawili ya chini yamefunikwa na vifuniko vidogo vya plastiki. Pini ndefu ya juu, ambayo ni ya ethi, ndiyo inayoingia kwanza na kuvifungua. Vifuniko hivyo vipo ili mtoto asiingize msumari au kidole kisifike penye umeme. Watu wengi wamezoea kusukuma mfuniko wa kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili vifunguke, halafu wanachomeka plagi ya pini mbili. Inaingia kweli, na simu inaanza kuchaji. Lakini pini zile hazikupimwa kwa soketi hii. Zinalegea, zinagusa na kuachia, na pale panapogusa kidogo ndipo panapopata joto. Fyuzi iliyokuwa ndani ya plagi au adapta sahihi nayo inakuwa haipo, na vifuniko vikishapinda, anayefuata kulala chumba hiki, pengine na mtoto, anakuta soketi iliyo wazi.

Soketi ya mezani tuliwahi kuibadilisha kwa sababu hiyo. Kijiti cha kusafishia masikio kilikatikia ndani, na tulipoifungua tulikuta plastiki ya upande mmoja imegeuka rangi ya kahawia na kuanza kuyeyuka. Mgeni aliyekuwa amelala humo hakuwa amesikia harufu yoyote. Ndiyo maana tunaona ni afadhali utuamshe saa nane za usiku kuomba adapta.

Soma maandishi ya chaja

Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, haipunguzi volti. Wanaotoka nchi za volti 120 au 100 hujisahau hapa: plagi imeingia, basi wanaona mambo sawa. Geuza chaja, utafute maandishi madogo kama haya:

```
INPUT: 100-240V ~ 50/60Hz 0.5A
OUTPUT: 5V 3A / 9V 2A
```

Mstari wa kwanza ndio unaohusika na ukuta wetu. Ukiona 100-240V, chaja inakubali umeme wa hapa bila shida. Chaja nyingi za simu, kompyuta mpakato na kamera ziko hivyo. Ukiona 110V au 120V peke yake, usiichomeke. Vifaa vya kupasha joto ndivyo vya kuangalia zaidi, yaani kikausha nywele, pasi ya nywele na birika dogo la safari. Kifaa cha aina hiyo cha volti 120 kikipewa 230 huvuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ile kilichotengenezewa, na kinaweza kuungua kabla hujakiweka chini. Mapokezi tunacho kikausha nywele cha volti 230, omba utumie.

Chaja isiyo na maandishi kabisa, au nyepesi mno mkononi kama ganda tupu, tunaomba usiitumie humu. Ndani ya chaja kuna sehemu inayotenganisha umeme wa ukutani na waya unaoushika wewe. Kwenye chaja duni, sehemu hiyo ndiyo inayobaniwa ili bei ishuke, na ikishindwa, volti 230 zinaweza kufika hadi kwenye simu. Tunazo chaja nzuri mbili za kuazima.

Simu ikiwa kwenye chaji

Betri ya simu hupata joto inapojazwa, na joto hilo lazima lipate pa kutokea. Mto, blanketi na godoro hulizuia. Tumewahi kuokota foronya yenye alama ya kahawia yenye umbo la simu; mwenyewe alikuwa amelala na simu chini ya shavu. Weka simu kwenye kigae, uso juu, mbali na jua la dirishani. Kama ina kava nene na unaiona inachemka, ivue kava. Ikiwa vuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuishika bila kuhamisha mkono, chomoa.

Ukitaka kuilaza ikichaji usiku kucha juu ya kigae kwa chaja nzuri, hatukukatazi. Simu za siku hizi hujizuia zikijaa. Lakini tungependa zaidi uchaji jioni ukiwa macho, ukichomoa kabla ya kulala. Usitoke chumbani ukaacha kitu kinachaji, hasa pawabenki. Hiyo ina betri kubwa kuliko ya simu, nayo ichajiwe mahali unapoiona.

Simu iliyolowa usiichomeke, hata kama imelowa jasho tu penye tundu la chaji. Ifute, iache hewani mpaka ikauke. Ikikuonyesha onyo la unyevu kwenye kioo, iamini. Mikono yako pia iwe mikavu, na ukichomoa shika plagi yenyewe, usivute waya.

Waya uliochunika hadi nyaya za ndani zikaonekana usiufunge kwa selotepu. Uache, uje uchukue wetu.

Betri iliyovimba ni jambo jingine kabisa. Utajua kwa mgongo wa simu kuinuka, kioo kuachana na fremu, au simu kuyumba ukiilaza mezani. Usiichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Izime na utuite. Tutaiweka nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, mpaka utakapompata fundi.

Vifaa vingi kwa mara moja

Soketi moja inabeba ampea 13, sawa na karibu wati 3,000. Simu kumi haziifikishi huko. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja zinaipita. Birika lichomekwe ukutani peke yake, na nguo zipigwe pasi kwenye chumba cha pasi, mwisho wa korido. Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine, wala waya wake usipite chini ya zulia.

Umeme ukikatika

Jenereta huwaka baada ya muda mfupi, kwa hiyo subiri kidogo gizani. Tochi iko droo ya juu ya kabati la kitanda. Zima swichi za soketi unazotumia. Umeme unaporudi huweza kuja kwa kishindo, na hapo ndipo chaja nyingi huungua. Subiri taa zitulie kama dakika tano, ndipo uwashe tena. Taa zikiwa zinafifia na kung'aa, usichaji kabisa.

Kukiwa na hatari

Soketi ikitoa cheche, mlio wa kuvuma, joto au rangi ya kahawia pembeni, zima swichi yake kama unaweza kuifikia bila kugusa kitu kilichoungua, kisha piga 9. Usijaribu kuifungua.

Kitu kilichochomekwa kikishika moto, usikimwagie maji kikiwa bado kwenye umeme. Betri ikianza kutoa moshi au kufoka, usiibebe na usikae kuitazama. Moshi wake ni sumu. Toka na wenzako, funga mlango nyuma yako, bonyeza kengele nyekundu iliyo koridoni, ushuke kwa ngazi hadi uani. Simu na mizigo viache.

Ukimkuta mtu amenaswa na umeme, usimguse kwa mikono. Zima kwanza swichi kuu, iliyo kwenye kiboksi cheupe juu ya mlango wa chumba, halafu piga kelele za kuomba msaada.

Siku ya kuondoka

Zima swichi zote isipokuwa ya friji, na utazame mezani na kando ya kitanda. Chaja zinazosahaulika tunazihifadhi mapokezi kwa miezi mitatu zikiwa na namba ya chumba. Adapta uliyoazima mkabidhi aliyepo zamu, na kama soketi yoyote ilikuwa imelegea au iligoma, mwambie hapo hapo ili fundi aitazame kabla mgeni mwingine hajaingia.