Namna ya kusoma a na b kwenye ile makala ya PHQ-9, kabla ya kikao cha Alhamisi

Habari za kazi madaktari, matroni, manesi na wote wa kikao. Naona wengi mmeisoma vizuri ile makala inayopima swali moja moja la PHQ-9, lile dodoso letu la sonona, mpaka mkafika kwenye jedwali la namba mkakwama hapo, na jana usiku matroni kanipigia akaniuliza "mwanangu hizi a na b ni za nini, si sisi tunajumlisha tu, ikifika kumi tunamwita daktari?" Swali lake ni la msingi kabisa kwahiyo naandika kwa wote. Namba za mifano nitakazotumia hapa nimezitunga mwenyewe ili mshike wazo, za makala mtaziona wenyewe kwenye jedwali.

Tuanze na mazoea yetu. PHQ-9 ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali 0 mpaka 3, jumla inaishia 27, na ile mipaka ya 5, 10, 15 na 20 tunaijua wote. Kroenke, Spitzer na Williams walipoitoa mwaka 2001 kule Marekani, mpaka wa 10 uliwapa asilimia 88 kwenye kukamata wenye sonona kubwa na asilimia 88 tena kwenye kuwaacha wasio nayo. Sio mpaka wa kubeza. Ila kujumlisha kuna dhana ndani yake ambayo hatuisemi, kwamba alama moja ya uchovu ni sawasawa na alama moja ya kutamani kufa. Kila mmoja wetu aliyekaa na mgonjwa anajua sio sawa, na hiyo IRT, yaani nadharia ya kuangalia jibu la kila swali badala ya jumla, imetengenezwa ili hiyo tofauti ionekane kwa namba.

Fikiria ufukwe wa Kibirizi hapa Kigoma. Sonona ni maji ya ziwa, na kina cha maji ndio wanachokiandika θ, thita. Hatuna kijiti cha kupimia maji yenyewe, tunachoona ni mawe gani yamefunikwa na yapi bado yako nje, na hayo mawe ndio maswali yetu. Kuna jiwe liko chini pale pale, maji yakipanda kidogo tu limezama, na kuna jiwe juu kabisa karibu na nyumba za watu, mpaka lizame ujue ziwa limejaa kweli kweli kama ile miaka watu wa pwani walihama. Urefu wa jiwe ndio b.

Kwahiyo b, difikalti, tafsiri yake ya "ugumu" inawapoteza watu. Sio kwamba swali ni gumu kuelewa au mgonjwa anaona aibu kulijibu. Ni sehemu gani ya ukali wa ugonjwa ambapo mtu ana nafasi nusu kwa nusu ya kujibu kiwango fulani au zaidi. Na kwa sababu kila swali letu lina majibu manne, makala inatumia modeli ya Samejima ya mwaka 1969 ambayo kila swali linapewa b tatu: b1 ni mpaka wa kutoka "hapana kabisa" kwenda "siku kadhaa" au zaidi, b2 ni wa kufika "zaidi ya nusu ya siku", b3 ni wa kufika "karibu kila siku". Fomula yake ni hii tu, P ndio hiyo nafasi na exp ni kile kitufe cha e^x kwenye kikokotoo, msiiogope:

```
P = 1 / (1 + exp(-a * (θ - b)))
```

Chukua swali la 4, uchovu, tuseme a ni 1.4 na b1 ni -0.9. Swali la 9, mawazo ya kufa au kujiumiza, tuseme a ni 1.9 na b1 ni 1.4. Sasa aje mama ambaye thita yake ni 1, yaani yuko juu ya wastani wa kundi kwa kipimo kimoja cha mtawanyiko. Ukiweka namba unapata kwamba mama kama huyu ana nafasi kama 93 kwa 100 ya kukubali uchovu angalau siku kadhaa, lakini kwenye swali la 9 ni kama 32 kwa 100. Mama yule yule, siku ile ile. Uchovu ni jiwe la chini, na hapa kwetu mtu aliyeamka alfajiri kuanika dagaa afu akapanda shamba la michikichi atakubali uchovu hata moyo wake ukiwa mweupe kabisa.

Kitu kimoja ambacho nawaomba sana mkiangalie. Sifuri ya thita ni wastani wa watu waliohojiwa kwenye utafiti ule, sio wastani wa binadamu wote. Kama walihoji wagonjwa wa VVU wa CTC au watu waliokimbia vita, maji yao tayari yako juu, na mawe yatasomeka yapo chini kuliko yangeonekana kwa watu wa kawaida pale Mwanga sokoni. Kabla hujasema "b ya swali hili ni ndogo" rudi kwanza kwenye sehemu ya mbinu usome walihoji nani.

Sasa a, diskrimineshen, yaani uwezo wa swali kutenganisha watu. Rudi ufukweni. Kuna jiwe limesimama wima kama ukuta, maji yakipita usawa wake unaona mstari safi, limezama au halijazama. Afu kuna mchanga unaolala taratibu, mawimbi yanakuja yanarudi, ukiulizwa maji yamefika au hayajafika unashindwa kusema. Ukuta una a kubwa, mchanga una a ndogo. Zinaweza kuwa usawa mmoja kabisa, b moja, ila moja inakupa jibu na nyingine inakupa wasiwasi.

Kwa namba: maswali mawili yote b ni 1. La kwanza a ni 2.4, la pili 0.8. Waje watu wawili, mmoja thita 0.5 mwingine 1.5. Kwenye swali la kwanza nafasi zao za kukubali ni 23 kwa 100 na 77 kwa 100, umewaona wako tofauti. Kwenye la pili ni 40 na 60, hapo jibu la mtu mmoja halikuambii mengi. Na ubora unapanda kwa a mara a, kwahiyo pale kwenye usawa wake swali lenye 2.4 linabeba taarifa mara tisa ya lenye 0.8 (hesabu hii ni ya swali la ndio au hapana, ya majibu manne ina mizunguko zaidi ila wazo ni hilo). Wengi wanafuata vipimo vya a vya Baker, mwandishi wa kitabu cha IRT: 0.65 mpaka 1.34 ni wastani, 1.35 mpaka 1.69 ni kubwa, kuanzia 1.70 ni kubwa sana. Ni mwongozo tu wa macho.

Hapa ndio jibu la matroni linapotokea. Wagonjwa wawili wote wana 10. Wa kwanza: usingizi 3, uchovu 3, hamu ya kula 2, umakini 2. Wa pili: huzuni 3, kujiona hafai 3, kukosa raha ya mambo 2, mawazo ya kufa 2. Daftari letu linawaweka mstari mmoja. Kama maswali ya wa pili yana a kubwa, na hilo la kufa lina b za juu, modeli itampa thita ya juu kuliko wa kwanza, na mimi kama mtu niliyekaa nao wote wawili kwenye kile chumba kidogo nakubaliana nayo kabisa. Wa kwanza anaweza kuwa na sonona, anaweza pia kuwa na TB au ujauzito wa miezi minne. Simpuuzi, lakini njia yake ya uchunguzi ni nyingine.

Hapo hapo kuna suala la maswali kubadilika kwa kundi. Mjamzito na mwanamke asiye mjamzito wenye maji usawa mmoja, yaani thita sawa, bado mjamzito atakubali uchovu na usingizi mbovu haraka zaidi. Jiwe limeshuka kwake peke yake. Makala inalipima hilo kwenye sehemu ya DIF, watu wa kliniki ya wajawazito msiiruke hata kama ni ndefu. Na lugha pia, mama wa Kasulu anayewaza kwa Kiha akakwambia "nina mawazo mengi" amekueleza kitu kizito ambacho hakipo neno kwa neno kwenye maswali tisa, sasa anakiweka kwenye swali lipi? Anaweza kukigawa kwenye la huzuni na la umakini, namba zikahama.

Tahadhari nyingine, a kubwa sana isiwafurahishe haraka. Ukiona 4 au 5 jiulize kama maswali mawili hayajaulizwa kama moja. Niliwahi kukaa kwenye kituo fulani foleni imefika nje, mhojaji anamsomea mama asiyejua kusoma "unakosa usingizi na unachoka?" kwa pumzi moja, akijibu ndio anajaza 4 na 3 alama zile zile. Data ya namna hiyo ikiingia kwenye modeli inaonekana nzuri ajabu, a zinapanda, na kumbe ni haraka ya foleni. Modeli inadhani ukishajua thita ya mtu majibu yake hayaburuzani tena, na hapo yameburuzana.

Angalieni pia umbali kati ya b1 na b2. Zikiwa zimebanana, mfano 0.9 na 1.0, maana yake watu hawatofautishi "siku kadhaa" na "zaidi ya nusu ya siku", na kusema kweli nani kijijini anahesabu nusu ya siku kumi na nne. Na b3 ya swali la 9 ikija kubwa kama 4 na upana wa makosa mpana, ni kwamba waliojibu "karibu kila siku" walikuwa wachache mno, msijenge hoja juu yake.

Grafu ya mwisho, ya taarifa, soma hivi: pale mstari ulipo juu dodoso linaona vizuri, pale ulipo chini halioni. Kosa la kipimo ni moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha taarifa, taarifa 9 kosa ni 0.33, taarifa 1 kosa ni 1 nzima. Kama karibu b zote ziko juu ya sifuri, mstari utakuwa juu upande wa wagonjwa na chini upande wa walio wazima. Kwahiyo jumla ya mtu ikitoka 3 kwenda 1 msiandike kwenye faili kwamba amepona kwa tiba yetu, eneo hilo kipimo hakioni.

Kuhusu swali la 9 kuna mtu kauliza kama a yake ikiwa ya kawaida tu tunaweza kulitoa ili dodoso liwe fupi. Hapana. a inapima swali linavyosaidia kukadiria thita, haipimi uzito wa jibu. Mtu akijibu 1 pale unaweka kalamu chini unamuuliza zaidi, ana mpango, ana dawa ya shamba nyumbani, anaishi na nani, hata kama jumla yake ni 4.

Alhamisi saa nane mchana, chumba kile kile cha mikutano. Njooni na jedwali mmelipiga mstari kwenye b1 ya kila swali, tutayapanga mawe kuanzia la chini mpaka la juu, afu dokta wa wodi ya wanaume ataleta fomu kumi za mwezi uliopita bila majina tuone yanazama kwa mpangilio huo huo au la.