Ombi la kuongezewa nusu saa ya lanchi

Shikamoo bosi,

Nakuandikia kuhusu jambo lanigusa sana. Naomba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lanchi yangu iwe saa saba mpaka saa nane u nusu badala ya saa nane, nipate kwenda jimu hapa nyuma ya ofisi.

Mwezi uliopita nilipimwa presha ikawa 150 kwa 95, na daktari akaniambia nianze mazoezi kabla mambo hayajafika kwa dawa. Mwenyewe nimeanza kuhisi, juzi nikipandisha mafaili ya kontena orofa ya tatu ilibidi nisimame kwa ngazi nishike chuma, moyo wanidunda mpaka masikioni. Nina miaka 38 tu bosi.

Jioni nimejaribu haiwezekani, nikitoka saa kumi na moja nakimbilia feri, na foleni ya Likoni waijua, nikifika ng'ambo watoto wangoja chakula.

Hiyo nusu saa nitailipa yote, siku hizo tatu nitaingia saa moja u nusu asubuhi badala ya saa mbili, na wakati huo simu hazijaanza kulia kwa hivyo entri za kastamu zitasonga haraka. Mwenzangu wa meza ya pili amekubali kunishikia simu. Siku meli imeingia na kazi imejaa, siendi, nitabaki.

Tujaribu mwezi mmoja tafadhali, ukiona kazi yalegea niambie nami nitarudi lanchi ya kawaida.

Ahsante sana,
Mwanaisha, meza ya dokumenti