Kuanzia 1 Machi 2026, bei ya sabuni yetu inapanda kwa asilimia 12

12 Januari 2026

Ndugu mteja,

Kuanzia Jumapili, 1 Machi 2026, kipande kimoja cha sabuni yetu kitapanda bei kwa asilimia 12. Palipokuwa na 100, sasa patakuwa na 112. Kipande chenyewe hakibadiliki: gramu 120, mafuta matatu yaleyale, kwa viwango vilevile. Bei ya sasa inaendelea hadi mwisho wa Jumamosi, 28 Februari.

Hayo ndiyo ya msingi. Yanayofuata ni kwa anayetaka kujua sababu, na ana haki ya kuijua, kwa kuwa ndiye atakayelipa.

Ubavuni mwa kila boksi letu kuna maneno manne: “Uzito huuhuu, mafuta hayahaya.” Bei haikutajwa pale, na tungeweza kujikinga na hilo, tukasema ahadi haijaguswa. Lakini tunajua wengi wenu mmezoea kuweka hela ileile mezani na kuondoka na sabuni ileile tangu Januari 2023. Mazoea ya miaka mitatu nayo ni aina ya makubaliano, na anayeyabadilisha hana budi kujieleza.

Sabuni yetu ina asilimia 50 ya mafuta ya zeituni, 40 ya nazi na 10 ya mbarika. Kilichotufikisha hapa ni ile 40.

Mafuta ya nazi hukamuliwa kwenye mbata, na sehemu kubwa ya yanayouzwa duniani hutoka Ufilipino na Indonesia. Ukame ulioletwa na El Niño ya 2023 na 2024 uliikuta minazi ikiwa kwenye maua. Tangu ua lichanue hadi nazi ikomae hupita karibu mwaka mzima, kwa hiyo hasara haikuonekana papo hapo. Ilijitokeza baadaye, mvua zikiwa zimesharudi na watu wakidhani mambo yametulia. Oktoba 2024, Ufilipino ikaongeza kiwango cha mafuta ya nazi kinacholazimika kuchanganywa kwenye dizeli, kutoka asilimia 2 hadi 3. Nazi zimepungua, na walaji wake wameongezeka. Kati ya mwanzo wa 2024 na katikati ya 2025, bei ya mafuta hayo katika soko la dunia ilipanda zaidi ya maradufu.

Hesabu yetu ni hii. Tuichukulie bei ya sasa ya kipande kuwa sehemu 100. Tulipoipanga, mafuta ya nazi yalikula sehemu 14. Leo yanakula 29. Mishahara imeongezeka sehemu 3. Maboksi na usafirishaji, sehemu 1. Mafuta ya zeituni, kinyume chake, yametupunguzia sehemu 1. Mavuno ya Hispania yalianguka hadi karibu nusu mwaka 2022 na bei ikaruka, kisha ikashuka baada ya mavuno mazuri ya msimu wa 2024 na 2025. Unafuu huo ni mdogo, lakini ni wenu, ndiyo maana tumeupunguza kwenye ongezeko. Jumla ya ongezeko ni sehemu 18. Kati yake, 12 zinaingia kwenye bei na 6 tunazibeba sisi kwa kupunguza faida. Zaidi ya hizo 6 hatuwezi kubeba bila kugusa mishahara, na huko hatuendi.

Kabla ya kufika kwenye bei tulijaribu njia nyingine. Nazitaja kwa sababu mteja mwenye macho atauliza, na wapo waliokwisha kuuliza.

Ya kwanza ilikuwa kupunguza nazi na kuongeza mawese, ambayo ni nafuu. Tatizo ni povu. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na hiyo ndiyo inayoipa sabuni povu la haraka hata kwenye maji ya baridi. Mawese yana kidogo mno. Mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, yanayo, lakini kwa kuwa viwanda vyote vinakimbilia hukohuko nazi inapopanda, nayo yamepanda. Na hata yangekuwa bure, boksi linasema “mafuta hayahaya”.

Ya pili ilikuwa maji. Baada ya kukatwa, sabuni yetu hukaa rafuni wiki sita ikikauka. Tunakata mche kwa waya vipande vya gramu 135, na kila kimoja hupungua taratibu hadi kwenye 120, ndipo kinapimwa na kufungwa. Tungekifunga baada ya wiki mbili, kingekuwa kizito kwa sababu ya maji, tungepata vipande vingi zaidi kwenye kila mche, na mizani ingesema gramu 120 bila kudanganya. Ungeligundua bafuni, sabuni ikilainika na kuisha kabla ya siku zake. Huko ni kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Ya tatu ndiyo iliyotushughulisha zaidi. Mchongaji wa vibao vyetu vya mhuri alitengeneza kibao chenye kitumbo, kinachoacha shimo jembamba chini ya kipande. Urefu uleule, upana uleule, boksi lilelile, ila gramu 104. Tulikiweka kipande hicho cha sampuli rafuni kando ya kipande cha kawaida, tukasogea nyuma hatua kadhaa, na hakuna aliyeweza kusema kipi ni kipi. Kisha fundi wetu wa kukata akakiokota, akakipima kiganjani, akakirudisha bila kusema neno. Anashika mamia ya vipande kwa siku. Mkono wake haukuhitaji mizani. Na mikono yenu pia imeshaizoea sabuni hii.

Ujanja huo umeenea kiasi kwamba Ufaransa, tangu Julai 2024, inayalazimisha maduka makubwa kubandika tangazo kwenye rafu pale bidhaa inapopunguzwa uzito huku bei yake kwa kipimo ikipanda. Binafsi naona aibu kwamba ilibidi sheria itungwe. Kwetu sisi tangazo ni hili unalolisoma, na linahusu bei kwa sababu bei ndiyo unayoiona kabla ya kutoa hela.

Kwa hiyo usitegemee boksi jipya mwezi Machi, wala stika ya “sasa ni bora zaidi”. Sabuni haijawa bora zaidi. Ni ileile, na itauzwa ghali kidogo.

Sasa taratibu za mpito.

Kama unanunua kwetu moja kwa moja, oda zote zitakazolipiwa hadi 28 Februari zitahesabiwa kwa bei ya sasa, hata kama mzigo utakufikia Machi. Unaweza kuweka akiba. Sabuni iliyokauka vizuri haiharibiki haraka ukiitunza mahali pakavu penye hewa, nje ya mfuko wa plastiki. Tunaomba tu kila mteja asizidi katoni moja ya vipande 24, maana rafu zetu zina sabuni ya wiki sita na hakuna namna ya kuiharakisha. Mmoja akizoa katoni kumi, wengine watakosa hadi Aprili.

Kama unaletewa sabuni kila mwezi na ulishalipia miezi mitatu, sita au mwaka, bei uliyolipia inasimama hadi muda huo uishe. Hatutakudai nyongeza. Siku 30 kabla ya muda kuisha tutakuandikia bei mpya, na hatutakukata hela yoyote kwa bei hiyo mpaka ujibu kwamba umekubali. Ukinyamaza, tutachukulia kwamba umesimamisha huduma. Tunajua biashara nyingi hufanya kinyume chake. Na kama ongezeko hili limekufanya utake kusitisha hata sasa, tuambie. Tutakurudishia hela ya miezi iliyobaki, yote, bila makato.

Kwa ndugu zetu wenye maduka: mzigo mlionao una bei ya zamani kwenye boksi. Tafadhali uuzeni kwa bei hiyo hadi uishe, hata kama ni Aprili. Mliununua kwa bei ya zamani, na mteja atakayeona bei mbili kwenye boksi moja hatawauliza ninyi peke yenu, atatuuliza na sisi. Oda zenu za jumla zitapokelewa kwa bei ya sasa hadi 28 Februari, kwa kiwango cha wastani wa miezi mitatu iliyopita. Asilimia ya faida yenu haibadiliki. Pamoja na barua hii mtapata karatasi ya kubandika kaunta yenye aya yake ya kwanza tu, ili msilazimike kumweleza kila anayeingia.

Kwa ambao asilimia 12 ni mzigo wa kweli, zipo chenga. Hizi ni ncha za miche na vipande vilivyopungua gramu chache kwenye mizani. Ni sabuni ileile, imekauka wiki zilezile, ila haina umbo wala boksi. Mfuko wa nusu kilo wa chenga haupandi bei. Hautoshi kwa kila mtu, kwa kuwa hatuzalishi chenga kwa makusudi, hivyo tutauza mfuko mmoja kwa mteja kwa mwezi.

Kuhusu siku za mbele: bei hii haitapanda tena kabla ya 28 Februari 2027. Kushuka inaweza. Septemba 2026 tutairudia hesabu ile ya sehemu 100, mbele yenu, kwa mpangilio uleule. Mafuta ya nazi yakiwa yamerudi chini ya sehemu 20, tutapunguza bei. Yasiporudi, tutawaandikia kwamba hayajarudi. Kupunguza hakutasubiri oda mpya: anayeletewa kila mwezi atapata bei ya chini kuanzia mzigo unaofuata.

Maswali yaelekezwe kwa kujibu ujumbe huu, au kwa namba iliyochapwa chini ya boksi, Jumatatu hadi Jumamosi. Wanaopokea simu wanayo hesabu yote niliyoiandika hapa na wameruhusiwa kuisoma hadi mwisho. Anayetaka kusimamisha huduma aandike neno SITISHA pamoja na jina alilojiandikishia. Hela itarudi kwa njia ileile aliyolipia, ndani ya siku saba.

Mtengenezaji mkuu,
kwa niaba ya wote kiwandani