Maelekezo ya picha ya zahanati kwa mkutano wa michango

Tengeneza picha halisi ya zahanati ya kijiji isiyo na ghorofa, ionekane kwa macho ya mtu anayeingia getini saa nne asubuhi. Paa la bati lichomoze mita 1.5 nje ya ukuta, baraza lote liwe kivulini. Hapo mama aliyempakata mtoto ameketi kwenye benchi la saruji, mgongo umeegemea ukuta, ametulia. Msingi wa mawe, kuta za matofali ya kuchoma. Mistari ya saruji kati ya matofali ionekane wazi, maana wachangiaji watatazama uimara kwanza. Mlango wazi, mteremko wa kiti cha magurudumu, mti mpana uani. Usiweke kuta za vioo: hatutazijenga. Pasiwe na maandishi.