Barua ya kukabidhi vitu vya Baba Nekesa

Nakuru, Jumatatu asubuhi

Kwa Mama Nekesa, pamoja na wazee na ndugu wa nyumba ya marehemu Wafula, Chwele

Mama Nekesa, pole sana. Poleni nyote hapo nyumbani.

Siku ya mazishi nilikuahidi kwamba vitu vya Baba Nekesa vilivyobaki ofisini vitakufikia mkononi. Hatukutaka vipakiwe kwenye matatu na kuachwa steji vikingoja mtu wa kuvichukua. Barasa, dereva wetu wa lori la maziwa, ambaye unamfahamu kwa sababu ndiye aliyetuleta huko kwa basi, anakwenda kwao likizo na atapitia kwenu. Amebeba katoni mbili, bahasha moja ya pesa, na bahasha nyingine ndogo ambayo nitaieleza hapa chini.

Kabla ya yote, ningeomba ujue kwamba huna haraka. Katoni hizi hazina kitu cha kuharibika, wala ndani yake hakuna jambo linalongoja jibu lako. Ukiona vyema zikae zimefungwa hivyo hivyo mpaka Nekesa arudi kutoka shule, ziache zikae. Tumezipeleka sasa kwa sababu ni mali yenu, na hatukuona sawa kuendelea kukaa nazo.

Vitu tulivipanga watu wawili, mimi na mhasibu mkuu, mlango ukiwa wazi na kila kitu kikiandikwa kilipotoka. Meza yake na yangu zilipakana kwa miaka mingi, kwa hiyo niliomba kazi hiyo nifanye mimi, asiifanye mtu ambaye hakumjua. Tulifungua droo zote tatu na kabati dogo la chuma. Daftari lilipokuwa la ofisi tulilisoma ili tulitenge. Lilipokuwa lake, tuliacha kusoma mara tu tulipojua ni lake.

Katoni ya kwanza ina nguo na vitu vya kila siku. Kuna ile sweta ya kijivu aliyoiacha nyuma ya kiti kwa ajili ya asubuhi za baridi, mwavuli, gambuti alizovaa akienda vituo vya kukusanyia maziwa, na kikombe chake cha bati chenye ukingo wa buluu. Kikombe tulikiosha kwa sababu kilikuwa na chai. Sweta hatukuifua. Wenzangu wengine walidhani ingekuwa heshima kuileta ikiwa safi na imepigwa pasi, lakini nilisema uamuzi huo ni wa mke wake. Imekunjwa tu na kutiwa kwenye mfuko wa peke yake, ukae nayo utakavyo.

Katoni ya pili ni ya mezani. Biblia yake ya Kiswahili iko juu kabisa, na vikaratasi alivyovitia katikati ya kurasa viko palepale, hatukuchomoa hata kimoja. Miwani ya kusomea imo ndani ya kasha lake. Mkono wa kushoto umefungwa kwa uzi mweusi pale kwenye bawaba. Aliufunga mwenyewe kwa sindano saa ya chakula cha mchana, akakataa tusimchangie miwani mpya, akisema karo ya muhula ndiyo kwanza. Kuna kalkuleta yake ndogo (ile kubwa yenye karatasi ni ya ofisi), kalamu zake, saa ya mkono iliyosimama, chaja ya simu, na picha ya Nekesa na wadogo zake wakiwa na sare za shule. Picha hiyo ilikuwa chini ya kioo cha meza na ilikuwa imenata kidogo. Tuliinua kioo polepole ikatoka nzima, isipokuwa pembe moja ya chini iliyochubuka kidogo. Nakueleza mapema ili ukiiona usidhani ilitupwa tupwa.

Katika katoni hiyo hiyo kuna bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi, na juu yake mwandiko wake: “Nekesa, ukimaliza Kidato cha Nne.” Tuliikuta kwenye droo ya chini, chini ya mafaili. Hatujui kilichomo na hatukuijaribu kwa namna yoyote, hata kuiinua kwenye mwanga. Nimeitia ndani ya mfuko wa plastiki usipitishe maji. Ni wewe utakayejua apewe lini.

Sasa bahasha ndogo. Ina karatasi zake za kliniki na stakabadhi chache za binafsi. Tulipoona ni za daktari tuliishia hapo, tukazitia ndani na kuandika jina lako. Nikijua kwamba barua hii huenda ikasomwa mbele ya wazee, na wazee wanastahili kuisikia, nimemwomba Barasa bahasha hiyo akupe wewe mwenyewe, uifungue kwa wakati wako. Naomba wazee wasilichukulie vibaya. Ndivyo ambavyo tungefanya kwa mfanyakazi mwingine yeyote.

Kuhusu pesa nitaeleza kirefu kidogo, kwa maana pesa ya marehemu ikielezwa nusunusu huzaa maneno. Baba Nekesa alikuwa na daftari jeusi dogo ambalo ndani yake aliandika watu aliowakopesha hapa kazini. Mtu akilipa, alipiga mstari mmoja juu ya jina lake. Majina mawili yalikuwa hayajapigwa mstari. Wenyewe walikuja kabla hata daftari halijapatikana, kila mmoja akasema kiasi chake, mmoja Sh1,500 na mwingine Sh1,000, na daftari lilipofunguliwa hesabu ikalingana. Hizo Sh2,500 ndizo zilizo kwenye bahasha ya pesa, zimehesabiwa mbele yetu wawili na mbele ya Barasa. Hakuna mtu hapa ofisini aliyesema anamdai. Mtu akija kwenu akisema ametoka kwetu na kwamba marehemu aliacha deni lake, tafadhali msimlipe kabla ya kunipigia.

Kulikuwa pia na mkebe wa majani ya chai wenye Sh1,840. Hizo ni za mchango wa chai wa idara nzima, yeye ndiye alikuwa mweka hazina. Zimebaki hapa, na daftari lake la mchango lilikuwa sawa mpaka senti ya mwisho. Nimezitaja kwa sababu huenda aliwahi kukutajia mkebe huo na ukajiuliza uko wapi.

Vilivyobaki ofisini kwa kuwa ni vya ofisi ni kompyuta, vitabu vya hesabu, mhuri, funguo za kabati na kitambulisho chake cha kazi. Ukipenda kitambulisho hicho kwa ajili ya ile picha, niambie. Mhasibu mkuu ameshakubali kitobolewe kisitumike tena kisha mpewe. Picha za familia zilizokuwa kwenye kompyuta tumezinakili kwenye flashi nyekundu iliyo ndani ya kasha la miwani. Hatutazifuta huku mpaka utuambie zimefunguka vizuri kwenu. Simu yake na kitambulisho cha taifa mlikabidhiwa hospitalini, kwa hiyo msivitafute humu.

Mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua na akiba yake ya uzeeni vitakuja kwa barua nyingine ya mwajiri. Sikutaka kuvichanganya na sweta na Biblia. Nitasema machache tu. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinawapa warithi haki ya mshahara huo, na mwajiri ana siku 30 za kuulipa tangu mwakilishi wa familia awasilishe uthibitisho kwamba ndiye mwakilishi. NSSF na sacco wana fomu zao wenyewe. Popote mtakapokwenda, toeni nakala ya cheti cha kifo na mwonyeshe cheti halisi kisha mrudi nacho. Na mtu akikupigia simu akitaka “kitu kidogo” ili malipo yaharakishwe, usimtumie hata shilingi moja. Hao huvizia nyumba zenye msiba.

Kuna jambo moja ambalo halikuingia kwenye katoni. Majuzi alikuja dirishani mama mmoja mzee, mkulima wa Dundori, akiwa na karatasi yake ya malipo, akauliza yule mwalimu wa hesabu yuko wapi. Hakuwa amepata habari. Nilipomwambia alikaa kwenye benchi muda mrefu. Kisha akanieleza kwamba kila mwezi Baba Nekesa alikuwa akitoka nje ya dirisha, anakaa naye kwenye benchi lile, na kumsomea karatasi mstari kwa mstari: lita ngapi asubuhi, lita ngapi jioni, makato ya chakula cha ng’ombe, makato ya daktari wa mifugo, na kilichobaki. Mwezi mmoja aligundua amekatwa gunia moja la chakula ambalo hakulichukua, akasimama, akaingia ndani na kurudi na marekebisho yakiwa yameshatiwa sahihi. Mimi nilikaa karibu naye siku zote hizo na nilijua anatoka kwenda kuongea na wakulima. Sikujua kwamba wengine wao walikuwa hawajui kusoma na yeye alikuwa akiwafichia aibu hiyo. Mama huyo aliomba salamu zake zikufikie wewe na watoto. Zimefika.

Barasa ana orodha ya vitu vyote, nakala mbili. Ukiwa na nguvu, linganisheni pamoja kisha utie sahihi moja arudi nayo. Usipoweza siku hiyo, shemeji yako mkubwa anaweza kutia sahihi kwa niaba yako, au orodha ibaki huko na mtutumie baadaye. Kikikosekana kitu unachokikumbuka, hata kidogo namna gani, niambie bila kuona haya. Droo huwa na sehemu za nyuma na nitazitoa zote tena niangalie.

Nambari yangu ni ile ile uliyonipigia siku ya mazishi. Jioni baada ya saa kumi na mbili naweza kuongea kwa utulivu. Usijilazimishe kujibu barua hii. Barasa akinieleza kwamba mmepokea, hiyo yatosha. Salamu kwa Nekesa na wadogo zake, na kwa bibi yao.

Wako katika majonzi,

Mama Chebet
wa meza ya pili, ofisi ya hesabu