Barua kwa Bodi ya Shule: Tukarabati Madarasa 8 ya Zamani Kabla ya Kujenga Jengo Jipya

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Lushoto, Tanga.
8 Juni 2026

Mwenyekiti,
Bodi ya Shule.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: PENDEKEZO LA KUKARABATI MADARASA 8 YA ZAMANI BADALA YA KUJENGA JENGO JIPYA LA MADARASA 3

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kikao kilichopita kiliniagiza nilete mapendekezo ya matumizi ya shilingi 84,000,000 tulizo nazo: milioni 60 kutoka Halmashauri na milioni 24 za michango ya hiari ya wazazi. Najua wajumbe wengi walitoka kikaoni wakiwa na picha ya jengo jipya upande wa barabara, na nakiri kwamba hata mimi nilianza nikiwa na picha hiyohiyo. Baada ya kupita darasa kwa darasa na mhandisi pamoja na fundi mkuu, nimebadili mawazo. Naomba Bodi inisikilize kabla ya kikao cha Jumamosi, tarehe 20 Juni.

Shule ina madarasa 14. Sita ni mapya, yakiwemo manne yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO-19. Manane ndiyo yale waliyoyajenga wazazi mwaka 1986 kwa mawe ya mlimani na matofali ya kuchoma. Kati ya hayo manane, mawili tuliyafunga mwezi Aprili baada ya kenchi kulegea mvua za masika zilipopamba moto. Tumebaki na 12 kwa wanafunzi 572, yaani wastani wa 48 kwa darasa, wakati kiwango ni 40. Mhandisi ametuonya kuwa mengine matatu yasitumike masika ijayo ikiwa kenchi hazitabadilishwa.

Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Tukijenga jengo jipya tutapata madarasa 3, lakini Machi 2027 tutayafunga 3 ya zamani juu ya yale 2 yaliyokwisha kufungwa. Tutarudi kwenye madarasa 12 yaleyale na msongamano uleule, huku milioni 84 zikiwa zimekwisha. Tukikarabati yote manane tutakuwa na 14, wastani wa wanafunzi 41. Bado tutakuwa tumezidi kiwango kidogo, na sitaki kulificha hilo. Ila hakuna mtoto atakayesomea chini ya paa la kutilia shaka.

Kuta za 1986 ni nzima. Fundi alichimba pembeni mwa msingi sehemu nne akakuta mawe yamekaa imara, na linta haina ufa. Ufa tunaouona wote kwenye kona ya darasa la Kidato cha Pili B umetokana na maji ya paa. Hakuna gata, kwa hiyo kwa miaka 40 maji yamekuwa yakidondoka palepale na kula udongo chini ya kona. Kinachoziua nyumba zile ni mambo mawili tu, maji na mchwa. Mchwa wamepanda ukutani na kula kenchi na papi. Bati nazo zimeoza kwenye misumari. Vyote hivyo viko juu ya linta, vinaweza kutolewa na kuwekwa vipya bila kugusa ukuta uliogharimu jasho la watu ambao baadhi yao tumewazika.

Naomba wajumbe wafikirie kidogo kinachotokea humo ndani mvua inaponyesha. Aprili nilisimama mlangoni mwa darasa la Kidato cha Nne wakati mwalimu wa Fizikia akifundisha umeme. Wanafunzi walikuwa wamesogeza meza zao hadi katikati ya chumba na kuacha ndoo mbili pembeni. Bila dari, kishindo cha mvua kwenye bati kilimfanya mwalimu aache kusema na kuandika ubaoni tu, na ubao wenyewe una mashimo, namba zinakatika. Waliokaa nyuma walikuwa wakinakili daftari la aliye mbele yao. Watoto wale watafanya mtihani wa taifa Novemba mwaka huu, sawa na wenzao wa madarasa mazuri. Jengo jipya lingewahamisha wachache, na wengi wangebaki kwenye mvua.

Mchanganuo wa fedha ni huu. Madarasa 2 yaliyofungwa yatahitaji milioni 13 kila moja, kwa kuwa paa lote linaondoka. Yale 3 yenye onyo ni milioni 9.5 kila moja. Matatu yaliyobaki yanahitaji dari, sakafu, ubao, madirisha na rangi, milioni 5.5 kila moja. Jumla ni milioni 71. Milioni 6 ziende kwenye gata za madarasa yote manane na tangi la lita 10,000, maana tukikarabati bila gata tutakuwa tumemlisha adui yuleyule. Milioni 7 ni akiba ya dharura. Mbao zote zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupandishwa, na bati ziwe geji 28. Fundi akileta geji 30 kwa sababu ni nafuu, nitazirudisha dukani.

Jengo jipya lilikadiriwa milioni 75, na milioni 9 nyingine za viti na meza seti 120, jumla milioni 84. Makadirio yale hayakuhesabu kukata mteremko wala ukuta wa kuzuia udongo, na kila mwenyeji wa Lushoto anajua kiwanja kile kilivyo baada ya mvua ya siku mbili.

Lipo swali moja zito ambalo Makamu Mwenyekiti aliniuliza, na ana haki. Januari 2028 watoto wa darasa la sita la mtaala mpya na wa darasa la saba la mtaala wa zamani wataingia Kidato cha Kwanza kwa pamoja. Tutawaweka wapi? Kweli, jengo jipya tutalihitaji, na naomba Bodi hii ianze sasa kuliombea fedha za Serikali ili liingie kwenye bajeti ijayo. Lakini kuingia mwaka huo tukiwa na madarasa 5 yaliyofungwa ni hatari kubwa kuliko kuingia tukiwa na 14 mazima. Tena ombi letu litasikilizwa vizuri zaidi tukionyesha kwamba tulichopewa tumekitunza.

Kazi ianze Julai kwenye madarasa mawili yaliyofungwa, ambako hakuna mwanafunzi wa kuhamisha. Septemba tuhamie kwenye yale matatu: mikondo miwili iingie kwenye vyumba vilivyokamilika na mmoja utumie bwalo, ili mapaa yafungwe kabla ya vuli. Matatu ya mwisho yafanyike likizo ya Desemba.

Kwa kuwa milioni 60 ziliombwa kwa ajili ya ujenzi, tutahitaji kibali cha kubadili matumizi. Naomba Bodi ipitishe azimio hilo tarehe 20 ili nipeleke muhtasari kwa Mkurugenzi Mtendaji kupitia Afisa Elimu Sekondari Jumatatu yake. Wazazi waliochangia nao wana haki ya kuelezwa. Niko tayari kusimama mbele yao kwenye mkutano mkuu.

Asubuhi ya kikao, saa 2:00, nitakuwa nje ya madarasa yaliyofungwa pamoja na fundi na ngazi. Nawaomba wajumbe wafike tuyakague pamoja kabla ya kuketi.

Natanguliza shukrani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule na Katibu wa Bodi

Nakala: Wajumbe wote wa Bodi ya Shule