Kanuni za Kuangalia Wanyamapori kwa Wageni wa Kambi

Karibuni. Kambi hii haina uzio. Mahema 12 yamepangwa kando ya mto, bwawa la kunyweshea liko mita 60 mbele ya baraza la chakula, na wanyama hupita katikati yetu usiku na mchana. Kwa hiyo kanuni hizi zinaanza unapoteremka garini siku ya kufika, si kesho alfajiri unapotoka kwenda kutalii. Zisomeni kabla ya mlo wa kwanza, na watoto wasomewe. Nakala ya Kiingereza ipo mapokezi. Mkiona mahali nakala mbili hazilingani, fuateni iliyo kali zaidi hadi mwongozaji wenu awaeleze.

UMBALI

Macho ya mgeni hukosea sana kukadiria mita porini, hasa kwenye nyasi tupu. Tumia gari kama kipimo: gari letu lina urefu wa takriban mita 5, basi mita 25 ni magari matano yaliyopangwa pua kwa mkia.

Mkiwa ndani ya gari, hatusogei karibu kuliko hivi:

Swala, twiga, pundamilia na ngiri: mita 20.
Simba, fisi na nyati: mita 25.
Duma na chui: mita 30. Akiwa na watoto, mita 50.
Kifaru: mita 50.
Tembo: mita 50. Kundi lenye ndama, mita 100. Vivyo hivyo kwa dume anayetiririsha majimaji kati ya jicho na sikio huku mkojo ukimdondoka miguuni. Dume wa namna hiyo yuko katika kipindi cha kutafuta majike na hana subira na mtu.
Pango la fisi au mbwa mwitu wenye watoto, na mti wenye kiota cha ndege mkubwa: mita 50.

Kwa miguu ni mita 100 kwa tembo, nyati na kiboko, na hutembei bila mwongozaji. Ukingo wa mto usikaribiwe chini ya mita 15 hata kama maji yametulia. Mamba hungoja maji yatulie.

Hizi ni mita za chini kabisa. Mwenye kauli ya mwisho ni mnyama mwenyewe, naye husema mapema kwa anayemtazama. Mwangalieni tembo. Kwanza huacha kula: mkonga uliokuwa unang'oa majani unatulia, au unainuka kunusa upande wenu. Kisha anageuka kuwakabili na kutandaza masikio. Baadaye hutikisa kichwa hadi masikio yanapiga shingoni na vumbi linaruka, au anaupunga mguu mmoja wa mbele kama asiyejua aende au abaki. Mara nyingi tembo anayekimbilia gari kwa masikio yaliyotandazwa na kelele nyingi anatisha tu. Wa kuogopwa ni yule anayekuja kimya, masikio yamelazwa nyuma, mkonga umekunjwa. Dereva wetu hangojei kufika huko. Anaondoka tembo anapoacha kula. Msimwombe dakika moja zaidi ya kupiga picha.

Mnyama akija mwenyewe karibu na gari, hakuna kosa. Kaeni, mikono ndani, msiongee. Kwa mnyama, gari lenye watu waliokaa ni kitu kimoja. Mtu akisimama juu ya kiti au akitoa kiwiliwili dirishani, umbo hilo linavunjika na anaona binadamu. Ndipo simba aliyekuwa amelala hukimbia, au huja.

Duma anahitaji neno la pekee, kwa sababu huyu ndiye magari humdhuru bila mtu kukusudia. Anawinda mchana, kwa macho. Hupanda kichuguu kutazama nyanda, na gari likisimama kati yake na swala, windo limekwisha. Akishakamata, huwa amechoka mno. Huhema kwa muda mrefu, wakati mwingine hadi nusu saa, kabla ya kuanza kula. Katika muda huo fisi au simba akifika, duma huwaachia nyama. Magari yaliyokusanyika na watu wanaopiga kelele humvuta fisi. Kwa hiyo hatumkatizi njia, hatumfuati akishaanza kunyemelea, na magari hayazidi matatu kwa wakati mmoja. La nne linangoja mbali hadi moja liondoke, hata kama ni lenu na jua linazama.

Gari halitoki barabarani. Ndege wengi wa nyanda hutaga chini, na yai lao huwezi kulitofautisha na kokoto.

KELELE NA MWANGA

Kipimo cha sauti: jirani wa kiti chako akusikie, wa kiti cha nyuma asisikie. Maongezi ya chini yanayoendelea polepole huwasumbua wanyama kidogo. Kinachowashtua ni sauti ya ghafla, hasa ya chuma: mlango kubamizwa, chupa ya maji kuanguka sakafuni, darubini kugonga fremu ya dirisha. Kabla hatujafika kwa mnyama, fungua begi, toa kamera, fungua zipu zote utakazohitaji. Zima mlio wa simu na ule mlio wa kamera ya simu inapopiga picha.

Usipige makofi, mluzi wala kugonga gari ili mnyama akutazame. Tunaelewa tamaa ya picha yenye macho. Lakini simba hulala sehemu kubwa ya mchana kwa sababu anawinda usiku, na swala anayeinua kichwa kila baada ya dakika moja hashibi. Ngojeni, atainua mwenyewe.

Msicheze milio ya ndege iliyorekodiwa. Dume akisikia mlio wa ndege wa jamii yake huacha kiota akamtafute mpinzani ambaye hayupo, na mayai hubaki wazi.

Gari likisimama, dereva anazima injini. Kwa tembo, kwanza analiweka pua ikielekea njia ya kutokea. Ukimwona anarudi nyuma na kugeuza mara mbili, ndiyo sababu. Mtoto akilia, mwambieni dereva mara moja. Tutasogea kando, tutulie, turudi. Si aibu, na hakuna atakayewanunia.

Flashi hairuhusiwi wakati wowote. Usiku taa inashikwa na mwongozaji peke yake, na ni nyekundu. Komba, bundi na chui macho yao yameumbwa kwa giza, na mwanga mkali huwaacha hawaoni vizuri kwa muda, wakati wanaouhitaji zaidi. Droni zinaachwa mapokezi, tutakupa stakabadhi. Tembo huogopa nyuki, na mvumo wa droni haujapishana sana na wa nyuki.

Kambini hakuna muziki wa spika. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni kimya kabisa. Kitambaa cha hema hakizuii sauti, wala ya kwenu kwenda nje wala ya fisi kuja ndani.

CHAKULA

Hapa ndipo kanuni huvunjwa zaidi, na karibu kila mara kwa nia njema.

Kulisha si kumpa mnyama mkononi tu. Ni pia kuacha sahani ya matunda barazani wakati umeingia kuoga, kutupa kisehemu cha tufaha "kitaoza tu", kumwagia ndege makombo, kuacha sukari kwenye kisahani cha chai. Vyote ni kimoja, kwa kuwa mnyama haulizi kama ulikusudia.

Tumbili aliyepata ndizi leo kesho anakaa juu ya ukingo wa baraza. Keshokutwa anaingia hemani. Baada ya wiki kadhaa haombi tena: ananyang'anya, na akizuiwa anang'ata. Hapo wenye makosa ni wageni walioondoka zamani, ila anayeuawa ni tumbili. Nyani ni hatari zaidi, dume ana meno marefu na makali. Matunda tuliyouma nusu pia huwapelekea mate yetu na magonjwa yetu ya mafua.

Tembo hunusa machungwa, maembe na ndizi kutoka mbali, na hema kwake ni pazia. Kwa hiyo hemani chakula hakiingii kabisa, hata biskuti za mtoto. Mapokezi kuna kabati la chuma lenye namba ya hema lenu. Dawa ya meno, sabuni yenye harufu ya matunda na mafuta ya midomo vinakaa ndani ya sanduku lenye kitasa chini ya kitanda. Viatu vya ngozi viingizeni ndani usiku, fisi huvibeba.

Ukitoka hemani, vuta zipu zote mbili hadi zikutane chini kabisa, kisha zifunge pamoja kwa klipu iliyoning'inia hapo. Zipu zikikutana katikati, tumbili hupenyeza vidole na kuzitenganisha kama anayemenya ndizi.

Tukila porini, tunakula mahali dereva alipochagua tu. Mwewe hushuka kutoka nyuma na kuchukua mkate mkononi pamoja na ngozi ya kidole, kwa hiyo kula chini ya kivuli au ndani ya gari. Kila kitu kinarudi kambini: mifupa, maganda ya mayai, maganda ya machungwa. Ganda la chungwa hukaa muda mrefu, na harufu yake inawafundisha nyani kwamba magari yakisimama hapo kuna cha kupata.

Nyani au tumbili akishashika kitu chako, kiachie, hata kama ni simu. Usivutane naye. Usimkazie macho wala usicheke ukionyesha meno, kwake huo ni ugomvi. Onyesha viganja vitupu, rudi nyuma polepole, usikimbie. Mwite mhudumu.

USIKU NA DHARURA

Baada ya saa 12 jioni hutembei bila askari, hata hatua 20 kwenda hema jirani. Viboko hutoka mtoni kwenda kula nyasi na hurudi kwa njia zile zile. Anayesimama kati ya kiboko na maji yuko mahali pabaya kuliko pote kambini. Filimbi iko kwenye msumari karibu na kitanda. Puliza mara tatu, kaa ndani, askari atakuja. Usiipulize kwa kuomba maji ya moto.

Mgeni akivunja kanuni, mwongozaji atamkumbusha mara moja. Mara ya pili gari linarudi kambini na safari hiyo hairudishiwi fedha.

Ukikwaruzwa au kung'atwa na mnyama yeyote, hata jeraha likiwa dogo kama la sindano, osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usilifunge kwa kubana, usipake majani wala mafuta. Kisha mwambie meneja, iwe mchana au usiku, kwa sababu chanjo ya kichaa cha mbwa inatakiwa ianze mapema na kituo cha afya kiko saa mbili na nusu kwa gari.